Laptopu ya mhasibu iliyozima ghafla mara 61: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilipita mezani kwangu Dodoma. Nimeondoa jina la mwenye mashine, la kikundi anachokifanyia kazi, na chapa ya laptopu. Vilivyobaki ni vipimo, hatua tulizochukua na sababu zake, pamoja na kosa moja nililolifanya mwenyewe. Ninakiandika kwa sababu ya jambo moja ambalo fundi anaweza kulisoma bila kufungua skrubu hata moja: namna joto linavyopanda. Laptopu mbili zinaweza kufika nyuzi 100 zote, lakini moja ikafika kwa kuruka na nyingine kwa kupanda polepole, na ugonjwa wao si mmoja.

## Usuli

Mwenye mashine ni mama wa makamo, mhasibu wa kikundi cha akiba na mikopo. Laptopu yake ina prosesa ya `i5-8250U`, ya kizazi kilichotoka mwaka 2017, yenye kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 na inayoweza kujipandisha hadi 3.4 kazi inapozidi. Mtengenezaji ameiwekea kikomo cha nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe ili ipoe. Diski ni ya kisasa, aina ya NVMe, na hilo litatusaidia mbele.

Alikuwa ameitumia karibu miaka minne bila kuifungua. Ofisi yake iko kando ya barabara ya vumbi, na anayeifahamu Dodoma ya miezi ya kiangazi anajua upepo wake: ukifuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Mezani ametandika kitambaa cha kufuma, kile kizito chenye maua, na laptopu inakaa juu yake. Matundu ya kuvutia hewa ya mashine hii yako chini ya tumbo.

## Kabla haijafika kwangu

Ilianza kwa kujizima mara moja moja, karibu miezi mitano kabla sijaiona. Kioo kinakuwa cheusi ghafla, taa zinazimika, hakuna ujumbe wowote. Akiiwasha papo hapo inawaka, inafika nusu, inazima tena. Akiiacha akaenda kunywa chai, ikiwaka inadumu.

Fundi wa kwanza alisema ni betri. Mama akanunua betri kwa shilingi 90,000. Ikaendelea kuzima. Akaambiwa basi ni chaja, akatoa 35,000 nyingine. Fundi wa pili akasema ni virusi, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya kwa 20,000. Wa tatu ndiye aliyekaribia: alipuliza bloa kwenye matundu ya pembeni bila kufungua mfuniko, vumbi likatoka wingu, mashine ikatulia kama wiki moja, kisha ikarudi kulekule na kuwa mbaya zaidi.

Katikati ya hayo mama mwenyewe aliona mashine imekuwa nzito. Kijana mmoja wa ofisini akamwonyesha jinsi ya kuiweka kwenye mpango wa umeme wa `High performance`. Hapo tatizo likazidi. Uzito ule ulitokana na prosesa kujipunguza kasi kwa joto, na mpango huo ukailazimisha iendeshwe kwa kasi kubwa hata wakati haina la kufanya. Mwenye mashine alikuwa akitibu dalili kwa kuuchochea ugonjwa.

## Siku ya kwanza: kuuliza, kisha kupima

Alifika Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imenimaliza. Jana imezima nikiwa kwenye mstari wa mwisho wa mahesabu, sikuwa nimehifadhi."

Nilimuuliza maswali matatu tu. Inazima ukiwa unafanya nini? Ukiiwasha saa hiyohiyo inadumu kuliko ukiisubiri? Na inazima ikiwa kwenye chaja, kwenye betri, au kote? Akajibu kwamba inazima sana kwenye mikutano ya video na kwenye faili lake kubwa la mikopo, kwamba ikisubiriwa inadumu zaidi, na kwamba chaja na betri hazibadilishi kitu.

Jibu la pili lina uzito kuliko mengine. Chaja iliyolegea au betri mbovu haijali kama umesubiri robo saa. Joto linajali. Jibu la tatu linaongezea: kama njia mbili tofauti za umeme zinaleta kuzima kulekule, ni vigumu kuilaumu mojawapo.

Hata hivyo nilitaka ushahidi. Windows huandika kila mara mashine inapokufa bila kuzimwa vizuri, na kwenye PowerShell unauona hivi:

```
Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Microsoft-Windows-Kernel-Power'; Id=41,86} | Select-Object TimeCreated, Id
```

Tukio namba 41 linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Halisemi kwa nini: umeme kukatika, mtu kushikilia kitufe cha kuwashia na joto, vyote vinaweza kuliandika. Namba 86 ndiyo inayotaja joto waziwazi, kwamba mfumo umezimwa kwa sababu ya joto la hatari. Nilikuta namba 41 nyingi na namba 86 moja. Hiyo moja ilitosha kunielekeza, lakini zote zilikuwa za wiki sita tu. Kumbukumbu za nyuma zilifutwa siku Windows ilipowekwa upya. Fundi aliyefanya hivyo hakuponya kitu, na alifuta alama za nyayo.

Diski lakini haikufutwa kumbukumbu zake. Diski za NVMe hujihesabia zenyewe mara ngapi zimekatiwa umeme bila taarifa, na hesabu hiyo haiondoki kwa kuweka Windows upya. Nilifungua CrystalDiskInfo, nikaangalia mstari wa `Unsafe Shutdowns`. Kwa kawaida programu hiyo huonyesha namba kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita, na pale palisomeka 3D. Yaani tatu mara kumi na sita, jumlisha kumi na tatu: 61. Hesabu hiyo inachanganya na mara ambazo mtu ameshikilia kitufe, kwa hiyo sikuichukua kama hesabu kamili ya joto. Ila mashine ya ofisini iliyotunzwa vizuri haifiki huko kwa bahati mbaya. Afya ya diski yenyewe ilikuwa bado nzuri, na nilishukuru, maana hapo ndipo hasara kubwa ingekuwa.

Baada ya hapo nikapima joto. Nilitumia HWiNFO kusoma nyuzi, na kitufe cha `Stress CPU` kwenye CPU-Z kuipa prosesa kazi nzito. Chumba kilikuwa na nyuzi 28. Mashine ikiwa imetulia, prosesa ilisoma 66, ambayo tayari ni nyingi. Nilipobonyeza, ikapanda hadi 88 ndani ya sekunde chache, kisha ikaendelea kupanda taratibu, moja moja, bila kutulia. Dakika ya pili ikagusa 100. Kasi ikaporomoka kutoka gigahezi 2.6 hadi chini ya 1. Dakika ya sita kioo kikawa cheusi.

Wakati huo wote mkono wangu ulikuwa kwenye tundu la pembeni la kutolea hewa. Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu, lakini hewa iliyonigusa ilikuwa kama pumzi ya mtoto aliyelala. Juu, upande wa kushoto wa kibodi, palikuwa pa moto kiasi kwamba kidole hakikai.

Watu wengi husikia mvumo ule na kusema feni ni nzima, inafanya kazi. Feni inazunguka, ndiyo. Lakini mvumo mkubwa wenye hewa kidogo maana yake hewa haina pa kupita.

## Uamuzi wa kwanza: kumrudishia mashine bila kuifungua

Nilitaka kuifungua siku hiyohiyo. Mama alikataa, na alikuwa na haki. Mahesabu ya mwezi yalitakiwa Jumatatu asubuhi, na mimi nikifungua mashine siwezi kuahidi kwa asilimia mia kwamba jioni itakuwa imefungwa. Pedi inaweza kuchanika, skrubu ikagoma, waya wa feni ukakatika.

Kwa hiyo nilitumia mpangilio wa umeme kununua siku tatu. Ukiiambia Windows kwamba kasi ya juu ya prosesa ni asilimia 99 badala ya 100, prosesa za aina hii haziingii kabisa kwenye ile kasi ya ziada. Zinabaki kwenye kasi ya msingi, ambako zinakula umeme kidogo na kutoa joto dogo. Kwenye mashine nyingi mpangilio huo, `Maximum processor state`, hauonekani tena kwenye menyu, lakini amri inaufikia:

```
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMIN 5
powercfg /setactive scheme_current
```

Mstari wa pili ulirekebisha kile alichofundishwa na kijana wa ofisini: kiwango cha chini kilikuwa 100, nikakirudisha 5 ili prosesa ipumzike ikiwa haina kazi. Amri hizi zinahusu mashine ikiwa kwenye chaja. Kwa betri unaandika `/setdcvalueindex` mahali pa `/setacvalueindex`, na nilifanya kote kuwili.

Nikamwambia aondoe kitambaa mezani na aweke vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma ya laptopu ili tumbo lipate hewa. Na asifanye mkutano wa video kabla ya Jumatatu. Faili lake la mikopo lingefanya hesabu polepole, tulilipima palepale: sekunde 17 badala ya 11. Akasema sekunde sita anazo.

Alifunga mahesabu Jumapili usiku. Haikuzima hata mara moja.

Nasisitiza hapa: hatukuwa tumetengeneza kitu. Tulipunguza joto linalozalishwa hadi likatoshana na hewa kidogo iliyokuwa inapita. Nimeona mafundi wanaoishia hapo na kupokea fedha, na miezi minne baadaye vumbi limeongezeka na mashine inazima hata kwa 99.

## Siku ya pili: kufungua

Jumanne mashine ikarudi. Nilitoa mfuniko wa chini, na jambo la kwanza kabisa nikachomoa plagi ya betri kwenye bodi. Kugusa feni au skrubu ya chuma huku bodi ina umeme ni njia ya haraka ya kuua mashine iliyokuwa inapona.

Ukiitazama feni kutoka juu, ilionekana safi kiasi. Mabawa yalikuwa na vumbi jembamba tu. Ukitazama mapezi ya shaba, vile vibati vyembamba vinavyopozwa na hewa ya feni, kutoka nje, kwenye tundu la pembeni, nayo yalikuwa wazi, maana ndiko fundi wa tatu alikopuliza. Fundi mwenye haraka angefunga.

Niliitoa feni. Kati ya feni na mapezi, mahali ambapo hauoni kutoka upande wowote, palikuwa na mkeka. Si vumbi la kupuliza. Ulikuwa umeshikana kama kitambaa cha sufu, wa kijivu, na ndani yake nywele na nyuzi za rangi ya waridi ambazo nilizitambua baada ya muda: zilitoka kwenye kile kitambaa cha kufuma. Niliunyanyua kwa kibanio ukatoka mzima, na ukabaki na alama za mapezi upande mmoja kama chapa ya muhuri.

Hilo lilieleza kazi ya bloa. Hewa iliyopulizwa kutoka nje ilipita kinyume, ikaurudisha mkeka nyuma kidogo, ukakaa pembeni ya feni. Kwa wiki moja hewa ilipita. Halafu feni ikaurudisha mahali pake, sasa ukiwa na vumbi lililotoka kwenye mapezi. Bloa ya nje ina hatari nyingine pia: hewa kali huizungusha feni kupita kasi iliyotengenezewa, na beringi zake ndogo haziwezi mchezo huo. Mimi hushikilia mabawa kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza chochote.

Nikasafisha mapezi kwa brashi laini, mabawa kwa pamba yenye spiriti, nikarudisha feni. Sikugusa prosesa wala pesti yake, ule uji unaopakwa ili joto livuke kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba. Nilitaka kujua vumbi peke yake lilikuwa na uzito gani, kwa hiyo nikarudisha mpangilio wa juu kuwa 100 na kupima tena.

Ikiwa imetulia ilisoma 49. Namba hiyo sikuilinganisha na 66 ya Ijumaa, kwa sababu siku ile kiwango cha chini kilikuwa 100 na sasa ni 5, vitu viwili vimebadilika. Kipimo cha haki ni cha kazi nzito. Ikaruka hadi 74 ndani ya sekunde chache, ikapanda polepole, na kufika 91 ikatulia. Dakika kumi, haikuzima. Hewa ya pembeni sasa ilikuwa ya moto na ya nguvu, na hiyo ni habari njema: joto linatoka.

Mtu angeweza kuiacha hapo. Sikuiacha kwa sababu ya ule mruko wa kwanza. Nyuzi 25 katika sekunde chache hazihusiani na feni, maana feni haijapata hata muda wa kuongeza mwendo. Katika sekunde hizo joto linapita njia fupi sana, kutoka kwenye prosesa kuvuka pesti na kuingia kwenye shaba. Kama mruko ni mkubwa, njia hiyo fupi ina kizuizi. Kupanda polepole kunakofuata ndiko kunakoeleza habari za hewa, kwa sababu shaba, mabomba na mapezi huchukua dakika kupata moto.

## Pesti, pedi, na kosa langu

Nililegeza skrubu za hitisinki, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa na kubeba joto lake hadi kwenye mapezi, kuanzia namba 4 kurudi 1, kama zilivyochapwa kwenye chuma, kila moja kidogo kidogo. Mashine ilikuwa bado na uvuguvugu wa kile kipimo, na hilo linasaidia, kwa sababu pesti ya zamani ikiwa baridi hushika kama gundi. Unaizungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Ukiivuta kwa nguvu kwenda juu unaweza kubeba kipande cha prosesa.

Pesti ilikuwa imekauka ikawa unga wa kijivu wenye nyufa. Katikati ya prosesa palikuwa karibu patupu, yote ilikuwa imesukumwa pembeni. Niliifuta kwa spiriti ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi hadi uso wa prosesa ukang'aa kama kioo.

Kando ya prosesa, hitisinki hiyohiyo ilikuwa inafunika vijisanduku vidogo vinavyoipa prosesa umeme, na kati yao na chuma palikuwa na pedi laini ya kupitisha joto. Pedi ilichanika nilipoinyanyua. Nilipima kipande kilichobaki kwa kalipa, milimita 1. Dukani kwangu nilikuwa na ya milimita 1.5. Nikajiambia ni laini, itabanwa. Nikaikata, nikaiweka, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, nikaisambaza nyembamba ifunike uso wote, nikafunga skrubu kwa mpangilio wa namba.

Nikawasha. Ikiwa imetulia ilisoma 50. Nikabonyeza, na sekunde ya nne ilikuwa 100.

Mbaya kuliko siku ya kwanza, kwa pesti mpya na mapezi safi. Nilipositisha kazi, ikashuka hadi 60 papo hapo, kama mtu aliyezima taa. Nikaweka mkono pembeni: hewa ilikuwa baridi. Prosesa inaungua na hewa inayotoka ni baridi. Maana yake joto halifiki kwenye mapezi kabisa.

Siku ya kwanza mambo yalikuwa kinyume: joto lilipanda kwa dakika, kibodi iliungua, mashine ilichukua muda kupoa. Pale joto lilifika kwenye shaba likakosa pa kutokea. Hapa lilishindwa kutoka kwenye prosesa yenyewe. Kuna sababu nyingine inayofanana na hii, nayo ni bomba la shaba lililopoteza kimiminika chake ndani. Ukiligusa bomba karibu na prosesa ni la moto na mwisho wake wa pili ni baridi. Kwangu bomba lilikuwa la uvuguvugu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo bomba lilikuwa zima. Kilichoharibika kilikuwa mguso.

Nilifungua tena, nikatazama pesti. Upande mmoja ulikuwa umebonyea vizuri. Upande wa pili, ule wa karibu na pedi, pesti ilikuwa bado nene na haikuwa na alama ya chuma. Pedi yangu nene ilikuwa imeiinua hitisinki upande huo, kama mguu wa meza uliowekewa kabari. Nusu milimita.

Nikamtuma kijana mjini kutafuta pedi ya milimita 1. Nikaanza upya: futa, paka, funga.

Safari hii ikaruka hadi 61, ikapanda polepole, ikatulia 78. Niliiacha dakika thelathini. Kasi ilibaki juu ya gigahezi 2 muda wote.

## Mipangilio tuliyoiacha

Kwenye chaja nilirudisha asilimia 100. Mashine inayopoa vizuri haina sababu ya kunyimwa kasi, na mama anahitaji zile sekunde 11. Kwenye betri niliacha 99, kwa sababu hutembelea vikundi vya vijijini ambako hakuna umeme na huko hutumia mashine kuandika tu. Nilipoipima kwa 99 na kazi nzito ilisoma 63, na feni ilikuwa haisikiki. Kiwango cha chini nilikiacha 5 kote, na nikamwomba kijana wa ofisini asirudi kwenye `High performance`. Tulielewana.

## Matokeo

Nilimwomba aipitishe baada ya miezi mitatu, akaja na mine. Hesabu ya diski ilisoma 3E, yaani 62. Moja imeongezeka, na namba 41 ilikuwa moja katika tarehe hiyohiyo. Mama aliikumbuka: mtoto alishikilia kitufe. Namba 86 haikuwepo. Kwa kazi nzito ilitulia 81. Nilitoa feni, nikakuta utando mwembamba wa vumbi umeanza kwenye mapezi, nikaufuta kwa brashi kwa dakika tano. Hakukuwa na nyuzi za waridi.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kupima baada ya kila badiliko moja. Kama ningesafisha vumbi, kubadilisha pesti na pedi kwa pamoja kisha nikapima, ningekuta mashine mbaya kuliko ilivyokuja na nisingejua kati ya mambo matatu lipi limenigeuka. Kwa kuwa nilishaona 91 baada ya vumbi peke yake, nilipoona 100 ndani ya sekunde nne nilijua kosa liko kwenye nilichokigusa baadaye, na umbo la kupanda likanieleza kwamba ni mguso.

Ule mpangilio wa 99 ulifaa pia, lakini kwa sababu ulitumika kama bandeji na ukaitwa bandeji. Pia ulikuwa kipimo: mashine inayozima kwa 100 na kudumu siku tatu kwa 99 inazidi kukuthibitishia kwamba joto ndilo tatizo. Hata hivyo si uthibitisho kamili, kwa kuwa betri dhaifu nayo hupumua ukipunguza mzigo. Ndiyo maana swali la chaja na betri liliulizwa kwanza.

Kilichoshindwa kabla yangu kilikuwa ni mpangilio wa hatua. Shilingi 145,000 ziliisha kwenye vitu ambavyo havikuwa vimepimwa, na hatua iliyokuwa rahisi kuliko zote, kuweka mkono kwenye tundu la hewa, haikufanywa na yeyote. Simlaumu sana fundi wa tatu. Alilenga mahali penyewe, ila bila kutoa feni hakuweza kuuona mkeka, na wiki moja ya nafuu ilimfanya mteja aamini kwamba vumbi limeshaondolewa. Baada ya hapo kila mtu aliliondoa vumbi kwenye orodha ya washukiwa.

Kushindwa kwangu ni ile pedi. Nilipima kwa kalipa, nikaona 1, nikaweka 1.5. Hata pedi laini haibanwi na skrubu ndogo za laptopu kwa kiasi nilichokidhania. Tangu siku hiyo, nikishapaka pesti nafunga hitisinki, naifungua tena mara moja na kutazama alama. Pesti ikionyesha uso mzima wa prosesa, naongeza kidogo na kufunga moja kwa moja. Kazi hiyo hunichukua kama dakika sita.

Kuna swali ambalo kisa hiki hakikulijibu kikamilifu. Prosesa yenyewe ilikuwa inajipunguza kasi ilipofika 100, kama ilivyotakiwa, na bado mashine ikazima. Kile kilichotoa amri ya kuzima huenda hakikuwa prosesa, bali kipimajoto kingine kwenye bodi, karibu na vile vijisanduku vya umeme vilivyokuwa chini ya pedi ile kavu. Namba 86 moja inaelekea huko, lakini HWiNFO haikuonyesha kipimajoto hicho kwenye mashine hii, na baada ya matengenezo sikuweza kuizimisha tena ili nihakikishe. Ndiyo sababu sasa, laptopu ikija na malalamiko kama haya, sitazami namba ya prosesa peke yake. Nagusa pia bodi kupitia mfuniko wa chini, dakika ya tano ya kazi nzito, na kuweka alama kwa chaki mahali palipo na moto kuliko pote kabla ya kufungua.